Sikio limeziba tangu nilipotoka kuogelea: ni maji, nta au mafua?

Shikamoo daktari. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na mafua, yakaisha. Jumapili tulikwenda kuogelea Coco, na nilipotoka majini tu sikio la kulia likaziba kama lina maji ndani. Leo ni siku ya nne. Nimejaribu kulisafisha kwa pamba za masikio, na mara moja njiti ya kiberiti, lakini ndiyo kwanza limezidi. Haliumi. Mama anasema nitie mafuta ya moto yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Nifanye nini?

Marahaba mdogo wangu. Naegemea kwenye nta, na kilichonielekeza huko ni maneno yako mwenyewe: "nilipotoka majini tu." Sikio linalozibwa na mafua huziba taratibu, leo kidogo, kesho zaidi, na mara nyingi mafua yenyewe bado yapo. Sikio la nta linaweza kuziba kwa dakika moja. Mtu anaingia baharini akisikia vizuri, anatoka sauti za wenzake zikiwa kama zinatoka chumba cha pili. Wengi huapa kwamba ni maji yameingia yakakataa kutoka. Lakini maji matupu hayakai siku nne sikioni, hutiririka au hukauka ndani ya saa chache. Yanayokaa ni yale yaliyonyonywa na nta, au yaliyonaswa nyuma yake.

Nta ya sikio si mafuta peke yake. Ni mafuta yaliyochanganyika na magamba membamba ya ngozi iliyokufa, na yale magamba hunyonya maji yakavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Huenda kabla ya Jumapili nta yako ilishaziba sehemu kubwa ya tundu, ikabaki njia nyembamba kama unywele. Hujui, kwa sababu sauti inahitaji kaupenyo kadogo tu ili ifike. Ukaingia baharini, nta ikavimba, kaupenyo kakafungwa. Halafu ukaingiza pamba, ukaisukuma na kuishindilia.

Mafua nayo siyaachii hivi hivi. Sikio lina chumba cha nje na chumba cha ndani, na ukuta kati yao ni ngoma ya sikio, ngozi nyembamba yenye unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Nta hukaa upande wa nje wa ngoma. Upande wa ndani kuna hewa, na hewa hiyo huingia kupitia mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua. Kila ukimeza mate au kupiga miayo, mrija unafunguka kidogo na hewa inabadilishwa. Mafua yakiuvimbisha, hewa iliyobaki ndani hunyonywa na mwili, ngoma inavutwa kwa ndani, na wakati mwingine majimaji hukusanyika nyuma yake. Hapo sikio huziba vilevile, lakini tundu lenyewe ni safi kabisa. Mtu wa namna hii anaweza kuchokonoa mwezi mzima bila kutoa chochote, maana anachokitafuta kiko upande wa pili wa ukuta.

Kuna namna ya kujipima ukiwa nyumbani. Meza mate mara kadhaa huku umetulia. Sikio likilia "tk", likafunguka kwa sekunde chache kisha likajifunga tena, au ukisikia kitu kama majimaji kinachezacheza unapoinamisha kichwa, mafua ndiyo yana mkono. Kama kumeza hakubadilishi kitu, nta inazidi kuwa mshukiwa. Kisha shika sikio lenyewe ulivute kwa upole juu na nyuma, na ubonyeze kile kinyama kigumu kilicho mbele ya tundu. Ukiruka kwa maumivu, hapo si nta tu. Ngozi ya tundu imeshaambukizwa, jambo la kawaida kwa waogeleaji na kwa wanaochokonoa, na dawa yake hutolewa na mtu aliyekuangalia.

Kipimo kingine nakuomba sana usikiruke. Funga mdomo uvume "mmmm" kwa sauti nzito, usikilize sauti inakwenda upande gani. Sikio lililoziba kwa nta au kwa mafua huivuta sauti hiyo kwake. Utaisikia kwa nguvu zaidi upande wa kulia, ule unaodhani umekufa. Ikiwa sauti inakimbilia sikio la kushoto, lile lisiloziba, inawezekana kilichopungua nguvu ni mshipa wa fahamu wa kusikia wenyewe. Hutokea kwa watu wazima ghafla, bila maumivu, na wao husema tu "sikio limeziba". Ugonjwa huo una dawa, vidonge vya steroidi, lakini faida yake ni kubwa vikianzwa siku za mwanzo na hupungua kadiri wiki zinavyopita. Nimewapokea watu waliodondoshea mafuta kwa mwezi mzima wakingoja nta itoke, na tundu lao halikuwa na nta hata kidogo. Iliniuma kuwaambia wamechelewa. Kwa hiyo sauti ikienda upande usioziba, au ukiwa na kizunguzungu kikali, au mlio mkubwa sikioni ulioanza pamoja na kuziba, usianze mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo hiki si cha uhakika kama vifaa vyetu, lakini kinatosha kukuamulia uharakishe au usubiri.

Tuseme umevuma na sauti imekwenda kulia. Kabla hujatia hata tone moja, tufuatilie ile njiti ya kiberiti. Ulipoiingiza, kulikuwa na mchomo mkali wa ghafla? Ilitoka na damu? Tangu siku hiyo kuna usaha au majimaji yanayotoka? Ukipenga kamasi, unasikia hewa ikipuliza kupitia sikio? Jibu moja tu la "ndiyo" linatosha kukuzuia kutia kitu chochote, kwa sababu ngoma inaweza kuwa na tundu, na kinachotiwa nje kitafika ndani. Vilevile kama utotoni uliwahi kutoka usaha sikioni kwa muda mrefu, au umewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio. Wenye historia hiyo huanzia kwa daktari, hawaanzii dukani.

Sasa niseme kuhusu pamba, maana najua huko nyumbani pakiti bado ipo.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5. Nta hutengenezwa kwenye theluthi ya nje tu, pale penye vinyweleo. Huko ndani zaidi hakuna kinachotengeneza nta. Na ngozi ya tundu ina tabia ambayo hakuna ngozi nyingine ya mwili inayo: haikui kwenda juu ikabanduka hapo hapo, inasafiri. Inaanzia katikati ya ngoma, inatembea kwa mwendo wa polepole kama kucha inavyokua, ikielekea nje, na imebeba nta na vumbi mgongoni. Kutafuna kunaisaidia, kwa sababu taya likicheza linaitikisa. Nta ikifika mlangoni hukauka, inadondoka usingizini au inatoka na maji ya kuoga. Kazi ya kusafisha sikio inafanyika yenyewe, usiku na mchana.

Ukiingiza pamba, kinachotoka nayo ni kile kidogo kilichokuwa mlangoni tayari, kinachoonekana cha kahawia kwenye pamba kikakufanya uamini umesafisha. Kikubwa umekisukuma kwenda kule ndani kusiko na vinyweleo, kikashindiliwa hadi ule mwendo wa ngozi haukirudishi kwa urahisi. Nikiwatazama ndani watumiaji wa pamba wa kila siku, naona kitu kile kile: bonge la nta limekandamizwa, limeng'aa, na katikati lina kibonyeo cha mviringo kama alama ya kidole kwenye udongo mbichi. Kibonyeo kile kinaingiana na kichwa cha pamba. Ni mtu mwenyewe amejijengea kizibo, kidogo kidogo, kwa miaka.

Na mwasho? Utaniambia "lakini daktari, linawasha." Linawasha kwa sababu unalichokonoa. Nta ni mafuta ya ngozi ile, ina tindikali kidogo inayowazuia bakteria na kuvu. Ukiifuta kila siku ngozi inakauka, inapasuka vijipasuko visivyoonekana, inawasha, unakuna, inawasha zaidi. Ukiacha kabisa, siku 10 za mwanzo ni ngumu kweli, baadaye mwasho hupungua. Wengi huona pia kwamba pamba ikifika mahali fulani inawatia kikohozi. Ni kwa sababu kuna tawi la mshipa wa fahamu linalopita kwenye ngozi ya tundu, lenye undugu na ule wa koo. Ukikohoa huku kijiti kiko ndani, kichwa kinaruka, kijiti hakijui kusimama.

Nina mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akikuna sikio kwa kibanio cha nywele kila jioni akisahihisha madaftari. Alijua kipimo chake, hakuwahi kujiumiza kwa miaka. Jioni moja mjukuu alikuja mbio kumkumbatia, akagonga kiwiko. Alisikia kishindo kama karatasi inachanika, dunia ikazunguka, akatapika. Alipofika kwetu kesho yake, ngoma ilikuwa na tundu kama punje ya mtama, pembeni pana damu iliyoganda. Tulimwambia asiingize maji hata tone, asipenge kamasi kwa nguvu, asitie dawa yoyote ambayo hatukumpa. Ngoma nyingi zilizochanika namna hii huziba zenyewe, ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu, na yake iliziba wiki ya saba. Alikuwa na bahati kwamba kibanio hakikufika kwenye vijifupa vitatu vilivyo nyuma ya ngoma, kwani hivyo vikitenguka havirudi vyenyewe. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba hakukosea mkono. Aliguswa tu. Njiti ya kiberiti, ufunguo, mfuniko wa kalamu, unyoya wa kuku, vyote vina hatari hiyo, na njiti ina moja ya ziada: inakatikia ndani.

Haya, mafuta. Mama hajakosea kabisa. Amepatia mafuta, amekosea moto na kitunguu. Ngozi ya tundu imelala moja kwa moja juu ya mfupa, haina nyama ya kuikinga, kwa hiyo mafuta ambayo kidole kinayaona ya vuguvugu kali yanaweza kuibabua. Kitunguu saumu nacho huchoma ngozi, na vipande vyake hubaki ndani. Mchukulie mama mafuta yake, uyatumie hivi.

Nunua chupa ndogo ya mafuta ya zeituni kwenye duka la dawa, pamoja na kidondoshea safi. Ukikosa, glisirini inafaa, na matone ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5 yanafaa pia, ila hayo yanakausha ngozi hivyo yasizidi siku tano. Tafiti zilizolinganisha vilainishi hivi hazijaonyesha kimoja kinachovishinda vingine waziwazi, kwa hiyo usilipe pesa nyingi kwa chupa yenye picha nzuri. Weka chupa mfukoni au kiganjani dakika kumi ipate joto la mwili. Mafuta ya baridi yakigusa ngoma huamsha kizunguzungu, kwa sababu sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili iko hapo karibu na inasisimka kwa baridi na kwa joto.

Lala kwa ubavu wa kushoto, sikio la kulia likitazama dari. Vuta sikio juu na nyuma, tundu linyooke. Dondosha matone matatu yakitambaa kwenye ukuta wa tundu, si katikati, ili hewa ipate pa kutokea. Bonyeza kile kinyama cha mbele mara tano sita, utasikia mafuta yanashuka. Tulia hapo dakika 5 hadi 10. Kisha inuka, inamisha kichwa juu ya kitambaa, futa kinachotoka nje. Usizibe kwa pamba, itayanyonya mafuta yako. Fanya asubuhi na usiku, siku tano.

Siku ya kwanza na ya pili sikio linaweza kuziba zaidi. Nta inavimba kabla haijalegea, na hapo ndipo watu huingiwa na hofu wakarudi kwenye pamba. Vumilia. Siku ya tatu au ya nne wengine huona uchafu wa kahawia kwenye mto, wengine hawaoni kitu, ila asubuhi wanashtuka feni ina kelele. Lakini ukisikia maumivu, mwako, kizunguzungu kisichopita, au ukionja mafuta kooni, acha hapo hapo. Kuonja kooni kuna maana ngoma ina tundu na mafuta yamepita.

Siku tano zikiisha bila kufunguka, hujapoteza muda. Nenda kituo cha afya chenye huduma ya masikio, nta iliyolainika hutoka kwa urahisi. Wataiosha kwa maji ya joto la mwili, kama nyuzi 37, wakielekeza mkondo kwenye ukuta wa tundu na si kwenye ngoma, au wataivuta kwa kinyonyeo kidogo huku wanaiona. Waambie bila haya kwamba uliingiza njiti. Mimi mtu akiniambia hivyo naangalia mara mbili kabla ya kushika maji. Na ukiwa na kisukari, au sikio hilo ndilo pekee linalosikia, litaje kwanza, kwa sababu tutapendelea kinyonyeo badala ya maji. Kujiosha mwenyewe kwa bomba la sindano nyumbani sikushauri wewe, kwa sababu hakuna aliyeitazama ngoma yako baada ya njiti. Mishumaa ya sikio hainyonyi nta. Kile kinachobaki ndani ya mshumaa ni nta ya mshumaa wenyewe, na kuna walioungua.

Ikiwa kumeza kulilifanya sikio lako lilie "tk", basi mafuta hayatasaidia, kwa sababu mlango uliofungwa uko nyuma ya pua. Tafuna, piga miayo, suuza pua kwa maji ya chumvi uliyoyachemsha yakapoa, na unaweza kubana pua ukapuliza kwa upole mno mdomo ukiwa umefungwa, mradi kamasi si nzito ya kijani na sikio haliumi. Matone ya pua ya kuzibua yanasaidia siku chache, yasizidi tano, kwani yakizidi pua huzoea na kuvimba zaidi. Sikio la mafua kwa kawaida hufunguka ndani ya wiki moja mbili, ingawa majimaji ya nyuma ya ngoma huweza kukaa wiki kadhaa. Likipita wiki sita upande mmoja tu, lazima tukuangalie hadi nyuma ya pua.

Kwa sasa usirudi Coco mpaka lifunguke. Wakati wa kuoga, chukua kipande cha pamba, kipake vaselini kiwe kinateleza, ukiweke mlangoni mwa tundu bila kukisukuma, ukitoe ukimaliza. Likishafunguka ukarudi kuogelea, kila ukitoka majini lala kwa ubavu juu ya taulo kila upande dakika moja, vuta sikio huku na huku, kisha futa sehemu ya nje tu kwa ncha ya taulo iliyofungwa kwenye kidole. Kidole kikikwama, hapo ndipo mwisho wako wa kusafisha.